NOTI NYINGI SI MALI NYINGI

Wapo wenzetu wasemao kwamba mishahara isipotosha, basi Serikali na ichapishe noti zaidi, kwani mtambo ni wake na karatasi ni yake. Neno hili humpendeza mtu aliyemaliza mshahara wake kabla ya tarehe 15, wala hatumlaumu. Lakini lilikwisha kujaribiwa Ujerumani mwaka 1923, na wafanyakazi ndio walioumia.

Tuanze na hesabu yenyewe. Chukueni soko dogo ambalo watu wake wote wana shilingi 1,000 tu, na kila mwezi huuzwa humo madebe 400 ya mahindi. Ikiwa kila shilingi yapita mikono minne kwa mwezi, manunuzi yote ni shilingi 4,000, na debe moja ni shilingi 10. Sasa tieni shilingi 1,000 nyingine bila ya kuongeza hata debe moja. Manunuzi yatafika shilingi 8,000, na debe litakuwa shilingi 20. Mtaalamu wa Amerika, Irving Fisher, aliieleza hesabu hii mwaka 1911 kwa herufi chache:

M × V = P × T

M ni wingi wa fedha, V ni kasi ya fedha kupita mikononi, P ni bei, na T ni wingi wa vitu viuzwavyo. Bei haipandi siku ile ile. Kama yako mashamba na viwanda vilivyolala bure, fedha mpya yaweza kwanza kuviamsha. Lakini mikono na mashine zote zikisha kuwa kazini, kinachobaki kupanda ni bei.

Wengi huisahau V, kwa kuwa kwa kawaida hukaa palepale. Mtu hupokea mshahara mwisho wa mwezi, huweka kidogo, hutumia kidogo. Huko Ujerumani desturi hiyo ndiyo iliyovunjika.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imezoea kuziba mapengo yake kwa noti tangu vita vya 1914. Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia Ruhr, nchi ya makaa na chuma, kudai fidia ya vita. Serikali iliwaambia wafanyakazi wa huko wasiwatumikie wageni hao, nayo itawalipa. Hatusemi kwamba hawakuwa na haki ya kugoma. Twasema tu kwamba makaa yalipungua, kodi zilipungua, na mishahara ililipwa kwa noti zilizotoka mtamboni. T ilishuka huku M ikipanda. Mitambo zaidi ya 1,700 ilichapa usiku na mchana.

Watu wakatambua kwamba noti ya asubuhi haina nguvu jioni. Ikawa wafanyakazi hulipwa kila siku, pengine mara mbili kwa siku, na wake zao huzipokea noti na kukimbilia dukani kabla bei haijabadilika. Hakuna aliyetaka kulala na fedha. Rudini katika soko letu: shilingi ni zile 2,000, lakini hofu yazipitisha mikono minane badala ya minne. Manunuzi ni shilingi 16,000, na debe ni shilingi 40. Fedha imeongezeka mara mbili tu, na bei imepanda mara nne.

Hapo ndipo wakuu wa fedha walipopotea. Rudolf Havenstein, mkuu wa Benki Kuu yao, aliona kwamba noti zote zilizopo, zikipimwa kwa vitu ziwezavyo kununua, ni haba kuliko zamani. Akadhani nchi ina njaa ya fedha, akazidi kuchapa. Kumbe uhaba ule ulitokana na mbio za watu kuikimbia marki. Dola 1 iliyopatikana kwa marki 4.20 kabla ya vita, mwezi Novemba 1923 ilikuwa marki 4,200,000,000,000.

Tarehe 15 Novemba 1923 ilitolewa fedha mpya iitwayo rentenmarki, moja kwa marki trilioni 1 za zamani. Kiasi chake kiliwekewa mpaka wa sheria, na Benki Kuu ikaacha kuikopesha Serikali. Bei zikatulia. La ajabu ni kwamba katika miezi iliyofuata fedha mikononi mwa watu iliongezeka sana, wala bei hazikuruka tena, kwa sababu watu walikuwa radhi kukaa nayo na V ikashuka. Basi asemaye kwamba kila noti mpya hupandisha bei papo hapo naye amekosea hesabu.

Lakini mpaka ule wa sheria ulikuwa na bei yake. Serikali isiyoweza tena kuchapa ilibidi itumie kile ikipatacho kwa kodi, na amri ya Oktoba 1923 ilikuwa imekwisha kuagiza robo ya watumishi wake waachishwe kazi.