Kosa la mdogo wangu ni kuzaliwa Desemba

Wasee, Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu kwenye majaribio ya timu moja ya watoto huku Eastlands. Walikuja karibu arobaini, wote wa mwaka 2013, na wakahitajika kumi na wanane. Jina lake halikusomwa. Alinyamaza mpaka tukafika steji, ndipo akaniuliza, "Kwani mimi ni mbaya hivyo?" Kesho yake akamwambia mathe auze njumu zake.

Jioni hiyo kocha aliweka majina kwenye grupu ya wazazi pamoja na tarehe za kuzaliwa, ati watu watayarishe vyeti. Nikakaa chini nikahesabu. Kati ya wale kumi na wanane, kumi ni wa Januari hadi Machi. Wa Oktoba hadi Desemba ni mmoja tu. Mdogo wangu ni wa tarehe 19 Desemba.

Sasa usiniambie watoto wa Januari huzaliwa na mguu mtamu. Mtoto wa Januari na wa Desemba mwaka huohuo wamepishana karibu miezi kumi na miwili, na ukiwa na miaka kumi na miwili, hiyo ni sehemu kubwa ya maisha yako. Yule mkubwa anakimbia haraka na ukimgonga haanguki. Kocha anaona "kipaji", anamchukua. Halafu anapata mazoezi mara tatu kwa wiki na mechi kila wikendi huku mwingine akibaki kupiga mpira ukutani. Baada ya miaka mitatu yule mkubwa kweli ni mkali zaidi, na kocha anasema, si niliwaambia?

Hili si jambo la hapa kwetu tu. Mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, aliandika juu yake 1985, baada ya mkewe kusoma orodha ya wachezaji kwenye mechi ya hoki ya barafuni na kushangaa mbona wengi ni wa miezi ya kwanza. Ubelgiji nao 1997 walihamisha tarehe ya kugawa umri kutoka Agosti mosi hadi Januari mosi. Unajua kilichotokea? Wale wa Agosti wakapoteza nafasi zao, wa Januari wakazichukua. Kwa hivyo ukibadilisha tarehe unabadilisha tu nani ataumia. Harry Kane alizaliwa 28 Julai, na Uingereza mwaka wa soka ya watoto huanza Septemba mosi, yaani alikuwa karibu mdogo kuliko wote. Arsenal walimwacha akiwa mtoto. Yeye alipata pengine pa kuchezea. Wengi hawapati.

Dawa ninayoipenda ilijaribiwa Uholanzi, matokeo yakatoka 2017. Watafutaji vipaji walionyeshwa mechi za watoto kisha wakaambiwa wawapange wachezaji kwa uwezo. Wasipoambiwa umri, waliwapendelea wakubwa. Wakipewa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi, bado waliwapendelea wakubwa! Lakini jezi zilipopangwa kwa umri, mkubwa kabisa akivaa namba ya kwanza na mdogo kabisa ya mwisho, upendeleo ukaisha. Ukifikiria, inaeleweka. Mpira ukiwa unatembea hakuna anayechungulia karatasi, lakini namba iko mgongoni. Unaona 17 amepokonywa mpira na 2, na hapohapo unakumbuka kwamba amepishana naye miezi tisa. Swali linakuwa: huyu 17 alifungua nafasi mapema? Alijua pasi inaenda wapi kabla haijamfikia?

Haitibu kila kitu, sidanganyi. Kuna mtoto wa Februari ambaye mwili wake haujaanza kubalehe, na kuna wa Novemba mwenye ndevu. Namba haioni hayo. Na hapa Kenya kuna tatizo letu wenyewe: vyeti. Msee wa miaka kumi na tano akija na karatasi inayosema ana kumi na miwili na kazaliwa Desemba, mfumo huu utampa namba ya juu na kumhurumia, yaani anakula mara mbili. Ndiyo maana mimi ningeanzia mazoezini na kwenye majaribio ya mtaani, mahali hakuna kombe la kushinda, kabla ya kuupeleka kwenye ligi. Na walioachwa waitwe tena baada ya miezi sita, maana miezi sita kwa mtoto wa umri huo inaweza kuongeza urefu ambao kocha alikuwa anautafuta.

Nilimwandikia kocha haya yote, kwa heshima kabisa. Akajibu usiku, "Na hizo jezi atanunua nani?" Nikamwambia si lazima jezi, ni seloteipu mgongoni na kalamu nene, nitaleta mimi. Imewekwa tiki mbili za buluu. Njumu bado ziko chini ya kitanda, nimemwambia mathe asiziuze kwanza.