Ufa wa Lipu na Ufa wa Msingi

Katika mikutano ya kanisa tumesikia mara nyingi habari za nchi zilizowaruhusu madaktari kuwasaidia wagonjwa kufa. Neno husemwa kwa ufupi, watu hutikisa vichwa, kisha twaendelea na shauri jingine. Mzee mmoja husema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mwingine huongeza ya kuwa leo wanamfungulia mlango yule anayekata roho, kesho watamfungulia kilema, na keshokutwa mzee asiye na mtu. Sisi nasi hatuitaki sheria hiyo. Lakini twaona ya kuwa hoja ikisemwa vile haimshindi mtu yeyote, kwa sababu haionyeshi ufa uko wapi, wala umekwenda kadiri gani. Fundi akiitwa kutazama ufa wa nyumba hapigi kelele. Kwanza hutazama kama ni ufa wa lipu, ambao waweza kukaa miaka mingi usisogee, au kama unatoka katika msingi. Basi na tufanye kazi ya fundi, tukiitazama nchi ya Kanada, maana huko kila hatua imeandikwa, na tarehe yake imewekwa.

Zamani katika Kanada mtu aliyemsaidia mwenzake kujiua aliweza kufungwa hata miaka 14. Mwaka 1993 mwanamke mmoja, Sue Rodriguez, alikwenda mbele ya Mahakama Kuu ya nchi. Alikuwa na ugonjwa ule unaoua nguvu za misuli kidogo kidogo, mikono, miguu, koo, hata pumzi, nao huiacha akili nzima itazame yote. Aliomba apewe msaada siku ile atakapokuwa hawezi tena kuinua mkono wake mwenyewe. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Alisema ya kuwa mtu mwenye mwili mzima akijaribu kujiua, sheria ya nchi haimwadhibu. Lakini yeye, kwa kuwa mwili umemwacha, amenyimwa lile ambalo mwingine analo. Majaji 5 walimkatalia, na 4 walimkubalia. Wale 5 waliogopa ya kuwa mlango ukifunguliwa kwa mtu mwenye akili timamu na moyo thabiti, hapatapatikana njia ya kuufunga kwa mnyonge. Rodriguez alikufa mwaka 1994, akisaidiwa kwa siri na daktari ambaye jina lake halikutajwa.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Sisi tunaoipinga sheria hii twapenda kuliruka jina la mwanamke huyu, kana kwamba hakuwapo. Lakini alikuwapo, na hofu ya watu wasiojulikana bado ndiyo iliyomfungia mlango yeye aliyejulikana. Mtu asemaye habari za ufa na ukuta, naye asikiri ya kuwa kuna mtu aliyelipa bei ya kuziba ufa ule, hajasema kwa haki.

Miaka 22 ikapita. Mwezi wa Februari 2015 Mahakama ile ile, majaji wote 9 kwa sauti moja, ikaugeuza uamuzi wa kwanza. Walisema ya kuwa mtu mzima, mwenye akili zake, akubaliye kwa hiari, naye ana ugonjwa mzito usioponyeka unaomletea mateso asiyoweza kuyavumilia, haifai sheria imnyime msaada wa daktari. Serikali ilileta shahidi wa mambo ya Ubelgiji, ili aonyeshe jinsi mlango wa huko ulivyozidi kupanuka. Majaji hawakuvutwa. Walijibu ya kuwa Ubelgiji ina desturi zake, na ya kuwa madaktari wa Kanada waweza kupima akili na hiari ya mgonjwa kama wapimavyo siku zote. Tena walisema wazi ya kuwa habari za watoto, na za watu wenye maradhi ya akili, na za wenye maradhi madogo, hazimo katika yale waliyoyaamua. Msomaji aliweke neno hilo la mwisho mahali pa kulikumbuka.

Sasa tuutafute ufa. Je, majaji walisema ya kuwa mgonjwa awe karibu kufa? Hawakusema. Mmoja wa watu ambao habari zao zililetwa katika kesi hiyo, Kay Carter, alikuwa mwanamke mzee aliyebanwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Hakuwa mtu wa kufa mwezi ule wala mwaka ule, naye alikwisha kwenda Uswisi kufia huko mwaka 2010. Sababu waliyoitoa majaji ilikuwa mateso na hiari. Lakini Bunge, lilipotunga sheria mwezi wa Juni 2016, liliingiwa na hofu, likaongeza sharti ya kuwa kifo cha mgonjwa kiwe kinaonekana mbele kwa kadiri ya akili. Huo ulikuwa ua mzuri kwa macho. Nasi twasema ya kuwa haukuwa na mizizi, kwa maana sababu iliyotolewa ilikuwa pana kuliko ua uliojengwa.

Haikupita miaka minne kabla ya watu kuusukuma. Katika Quebec alikuwako Jean Truchon, aliyezaliwa na ulemavu utokao katika ubongo, ambao ulimwachia mkono mmoja tu wa kumtumikia. Mwaka 2012 mkono huo nao ukafa, naye akaingia katika nyumba ya kutunziwa. Alipoomba msaada wa kufa alikataliwa. Mateso yake yalikubaliwa, na hiari yake ilikubaliwa; alikataliwa kwa sababu moja tu, kwamba hakuwa karibu kufa. Akaenda mahakamani pamoja na mwanamke mmoja aliyelemazwa na ugonjwa wa polio. Tujiweke mahali pa jaji. Mwenye saratani aliyebakiza miezi michache anapewa. Huyu ambaye mateso yake yatadumu miaka mingi ananyimwa. Ikiwa sababu ya kumpa yule wa kwanza ni mateso, wa pili ana haki zaidi. Mwezi wa Septemba 2019 jaji alikata hivyo hivyo, wala Serikali haikukata rufani. Sheria mpya ikapita tarehe 17 Machi 2021, na sharti ya kifo kilicho karibu ikaondoka.

Huu, ndugu wasomaji, ndio ufa wa msingi. Haukuja kwa kuwa madaktari wa Kanada wamekuwa wauaji, wala kwa kuwa watu wa huko hawana huruma. Ulikuja kwa sababu hatua ya kwanza ilikuwa na hatua ya pili tumboni mwake. Na ya tatu pia: sheria ile ya 2021 iliweka siku ambayo mtu mwenye maradhi ya akili peke yake ataweza kuomba. Siku hiyo ilikuwa Machi 2023. Ikasogezwa mwaka mmoja. Kisha mwaka 2024 Bunge likaisogeza tena mpaka 17 Machi 2027, maana waganga wenyewe walisema hawako tayari. Lile neno tulilomwomba msomaji alikumbuke, ya kuwa maradhi ya akili hayamo, lilidumu miaka 6 tu.

Lakini wenzetu wasikimbie na hesabu wasiyoielewa. Tumesikia mtu akisema ya kuwa Kanada huwafagia vilema kwa maelfu. Si kweli. Mwaka 2023 watu 15,343 walikufa kwa msaada huo, karibu watu 5 katika kila 100 waliokufa nchini. Ni wengi mno kwa macho yetu. Hata hivyo, wale ambao kifo chao hakikuwa karibu walikuwa 622. Waliosalia wote walikuwa wagonjwa wa kufa, na wengi wao walikuwa na saratani. Ongezeko la hesabu peke yake si ushahidi wa kuteleza. Ushahidi ni kubadilika kwa mtu anayeruhusiwa.

Na ili tusidhaniwe kuwa tumechagua nchi itupendezayo, tutazame Oregon, jimbo mojawapo la Amerika. Watu wake walipiga kura mwaka 1994, na sheria ikaanza kutumika mwaka 1997. Mgonjwa sharti awe mtu mzima, waganga wawili wathibitishe ya kuwa hatapita miezi 6, na dawa ainywe mwenyewe. Tangu siku hiyo wamelegeza mambo kadha: muda wa kungoja siku 15 waweza kufupishwa kwa mtu atakayekufa kabla haujaisha, na sharti ya kuwa mkaaji wa jimbo imeondolewa. Lakini miezi 6 ingali miezi 6, na kikombe kingali mkononi mwa mgonjwa. Huo ni ufa wa lipu. Basi anayeipinga sheria ya Oregon hawezi kuja na methali ya ukuta. Sharti aseme wazi ya kuwa aipinga kwa sababu uhai ni wa Mungu, na awe tayari kumjibu jirani asiyeamini hivyo. Sisi twasema hivyo, wala hatuoni haya. Ila tusivae nguo ya hoja nyingine.

Limebaki neno la hiari, nalo ndilo zito. Sheria ya Kanada yataka mtu asiye karibu kufa apimwe kwa muda usiopungua siku 90, na aarifiwe njia nyingine za kupunguza mateso: uuguzi, ushauri, msaada wa walemavu. Tazama neno lenyewe: aarifiwe. Haisemi apewe. Kilema aweza kuambiwa ya kuwa iko nyumba yenye mlango mpana wa kiti chake na mtu wa kumwogesha, kisha akangoja nyumba hiyo miaka, na huku kifo kinangoja miezi mitatu tu. Mtu aliyewekewa njia mbili, moja wazi na nyingine imezibwa kwa mawe, akichukua ile iliyo wazi, twaweza kusema amechagua? Ndiyo maana walemavu wengi wa Kanada waliipinga sheria ya 2021, hata wasio na dini. Mwaka 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za walemavu iliishauri Kanada iifute njia hiyo.

Nasi tusiwacheke Wakanada juu ya njia iliyozibwa. Twamjua mama mmoja wa usharika wetu, mwenye saratani ya titi iliyopasuka, aliyewaomba wazee wamwombee afe. Walimwombea. Dawa alizokuwa nazo zilikuwa vidonge vya kichwa. Mwanawe alikwenda mbali akarudi na chupa ya mofini ya maji, dawa ambayo haina bei kubwa, na baada ya siku tatu mama aliacha ombi lile, akaulizia mbegu zake za maharage. Aliishi wiki 7. Jirani zetu wa Uganda wameitengeneza dawa hiyo ya kunywa tangu ilipoanzishwa nyumba yao ya kuwatunza wanaokufa, Kampala, mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa huruhusiwa kuiandika wao wenyewe, bila kumngoja daktari asiyekuwako.

Hatudai ya kuwa chupa ile ingalimjibu Sue Rodriguez. Katika Oregon pia, wagonjwa wanaotaja maumivu ni wachache kuliko wanaotaja kupoteza uwezo wa kujiendesha wenyewe. Yeye aliuliza mwili wake ni wa nani, na jibu letu, kwamba si wake peke yake, lingalimfikia akiwa kitandani asiyeweza kumeza. Bado twalishika jibu hilo. Lakini wale wazee waliomwombea mama yetu hawakuuliza, kabla ya kufumba macho, ni dawa gani iliyokuwa juu ya kigoda chake.