Mchango wa bili ya hospitali: mwenye simu asiwe ndiye mwenye daftari

Mgonjwa analazwa usiku. Kufikia asubuhi kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, picha yake imewekwa, na chini yake kuna nambari ya simu ya binamu mmoja ambaye kila mtu anamwamini. Kufikia jioni watu 40 wametuma. Baada ya wiki moja mtu anauliza, kwa upole tu, "Jamani, tumefikisha ngapi?" Hapo ndipo shida huanza.

Sisi tunaohudumia wateja wa pesa kwa simu tumeona kwamba malalamiko mengi ya michango hayatokani na wizi. Yanatokana na mtu mwaminifu aliyebebeshwa kazi mbili kwa pamoja: kupokea pesa na kuziandika. Msimamo wetu ni huu: kazi hizo zigawanywe kati ya watu wawili tangu shilingi ya kwanza. Mmoja ashike simu, mwingine ashike daftari, na kila jioni wawili hao wapatanishe hesabu. Haimaanishi kwamba binamu haaminiki. Inamlinda.

Tuanze na simu yenyewe. Laini ya kila siku haifai kupokea mchango, hata kama mwenyewe ni mchungaji. Laini hiyo inaingiza malipo ya duka, pesa za chama na karo ya mtoto, na baada ya siku tatu hakuna anayeweza kusema ipi ni ya mgonjwa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Ikiwa laini ina deni la Fuliza au mkopo mwingine unaojilipa wenyewe, pesa zinazoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Aliyetuma anapata ujumbe kwamba pesa zimefika, na kweli zimefika, lakini salio halipandi. Mwenye laini akidaiwa 4,800, michango ya watu wa kwanza sita au saba inaweza kuishia hapo. Hajaiba. Lakini mweleze hivyo shangazi aliyeuza kuku ili achange!

Kwa hivyo tafuteni laini isiyo na deni na isiyotumika kwa kitu kingine. Kabla ya kuitangaza, mmoja wenu aitumie shilingi 50. Salio likipanda kwa 50 kamili, laini ni safi. Jaribio hilo pia litawaonyesha jina linalotokea kwenye skrini ya anayetuma. Liandikeni jina hilo kwenye tangazo, kando ya nambari. Matapeli wana tabia ya kuchukua tangazo la mchango, kubadilisha nambari na kulisambaza upya. Picha ni ile ile na maneno ni yale yale. Mchangaji anayejua jina analopaswa kuona atasimama kabla ya kuweka nambari yake ya siri.

Sasa daftari. Katika makundi mengi orodha huandikwa kwa kunakili: kila anayechanga ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake na kuirudisha kundini. Watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, anayechelewa kurudisha anamfuta mwenzake bila kujua. Pia orodha hiyo huchanganya waliotuma na walioahidi. Ndiyo maana jumla ya kundini huwa haifanani na iliyo kwenye simu, na lawama humwendea mwenye simu.

Mwenye daftari aandike kutoka sehemu moja tu: stetimenti ya laini ile. Mwenye simu anaiomba kwenye programu ya simu na kumtumia kila jioni. Asiandike kutokana na ujumbe uliosambazwa kundini wala picha ya skrini, kwa sababu ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa dakika moja, na hata ujumbe wa kweli unaweza kuwa wa pesa zilizokwenda nambari nyingine. Daftari liwe na jina, kiasi, tarehe na nambari ya muamala. Ahadi zikae ukurasa wake, na zisijumlishwe na pesa taslimu.

Tuchukue mfano tuone inavyofanya kazi. Familia inachangia mama aliyelazwa. Jioni ya siku ya tatu stetimenti inaonyesha zimeingia shilingi 142,300. Daftari linasema 139,800. Tofauti ni 2,500. Wawili hao wanapitia mstari kwa mstari. Wanapata 1,500 zilizotoka kwa jina ambalo hakuna anayelijua. Wakiuliza kundini, kumbe mjomba alitumia simu ya jirani. Zilizobaki 1,000 ni za mtu aliyeachwa kwenye ukurasa wa ahadi ilhali ameshatuma. Hesabu inafungwa. Kazi hiyo imechukua dakika kumi na tano. Ingeachwa hadi siku ya ishirini, ingechukua wikendi nzima na pengine urafiki wa watu wawili.

Kipimo cha kila jioni ni kimoja: zilizoingia, ukiondoa zilizolipwa hospitali, ukiondoa ada za kutuma, lazima ziwe sawa na salio. Siku hiyo ya tatu familia ililipa hospitali 100,000, na tuseme ada ilikuwa 100. Salio basi liwe 42,200. Likiwa pungufu hata kwa mia mbili, hakuna kulala kabla sababu haijajulikana. Baadaye mwenye daftari anaweka kundini mistari mitatu: zilizoingia, zilizolipwa, zilizobaki. Hahitaji kuweka stetimenti yenyewe, kwa maana ina majina na nambari za watu ambao hawakukubali kutangazwa. Anayetaka kuhakikisha mchango wake amwandikie mwenye daftari faraghani.

Pengine utasema, kwa nini tusiwape watu watatu nambari ya siri ili wote waone? Hapana. Hapo kila mmoja anaweza kutoa pesa na hakuna anayeweza kuulizwa. Uwazi ni kuona hesabu. Kuwa na ufunguo ni jambo jingine.

Tukija kwenye kulipa, ushauri wetu ni kwamba pesa zisitolewe kwa wakala ziende hospitali mfukoni. Zilipwe moja kwa moja kutoka laini ile kwa Pay Bill ya hospitali, na nambari ya akaunti iwe nambari ya mgonjwa iliyo kwenye bili. Nambari zote mbili zichukuliwe kwenye bili iliyochapishwa au kwenye dirisha la keshia, wala si kwenye kundi. Kabla ya kuthibitisha, someni jina la hospitali kwenye skrini. Jina hilo litawaambia mmefika hospitali inayofaa, lakini halitawaambia kama mmekosea tarakimu ya mgonjwa. Kwa hivyo nendeni kwa keshia siku hiyo hiyo na ujumbe wa malipo, mpewe risiti yenye jina la mgonjwa wenu.

Lipeni kwa awamu. Msingojee bili itimie. Pesa zilizokwisha kulipwa haziwezi kuibwa simu ikipotea. Tena akaunti ya pesa kwa simu ina kikomo: salio haliruhusiwi kupita shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Laini ikijaa, michango inaanza kukataliwa wakati ambapo watu wameshika simu mkononi. Lakini msilipe zaidi ya kile bili ya muda inachodai, kwani kurudishiwa pesa na hospitali huwa safari ndefu kuliko kuzilipa. Ombeni bili ya muda inayoonyesha tayari sehemu inayolipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ili mchangie kile kinachobaki tu. Familia ya mfano wetu, bili yao ya muda siku ile ilikuwa 186,000, kwa hivyo kulipa 100,000 hakukuwa na hatari.

Kuna mtego mmoja unaowapata wenye simu wakati wa mchango kuliko wakati mwingine wowote. Mtu anapiga: "Samahani dada, nimekutumia elfu tatu kimakosa, tafadhali nirudishie." Siku ya kawaida ungeshtuka. Siku ambayo watu 40 wasiojulikana wametuma, inasikika kama kweli. Unarudisha, kisha unagundua hakuna elfu tatu iliyoingia. Ulikuwa ujumbe wa uongo. Au iliingia kweli, ukairudisha kwa mkono, naye akaomba pia kwa kampuni muamala wa kwanza ubatilishwe. Sheria iwe moja: mwenye simu harudishi kitu. Aliyekosea aombe kubatilisha muamala kupitia kampuni aliyotumia, na ombi hilo lionekane kwenye stetimenti.

La mwisho ni lile ambalo hakuna anayependa kulitaja mgonjwa akiwa kitandani: kitakachobaki. Familia yetu ya mfano ilikusanya jumla ya 341,900. Bili ya mwisho ikawa 327,500, na ada za kutuma mara nne zikafika 350. Zikabaki 14,050. Kwa sababu tangazo lao la siku ya kwanza lilisema masalio yatanunua dawa za nyumbani na kulipia kliniki, hakuna aliyeuliza. Andikeni sentensi hiyo mapema. Andikeni pia itakuwaje mgonjwa akituacha, kama pesa zitaelekezwa kwenye mazishi au la. Aliyechangia matibabu ana haki ya kujua kabla hajatuma, na ni rahisi kusikia jambo hilo siku ya kwanza kuliko siku ya msiba.

Hatusemi laini moja yenye watu wawili ndiyo njia bora ya zote. Kwa bili kubwa inayoendelea kwa miezi, akaunti ya kikundi inayohitaji wawili waidhinishe kila malipo ni salama zaidi, na inafaa kuifungua. Lakini akaunti hiyo huhitaji makaratasi na siku kadhaa, na hospitali huenda inataka amana leo. Kwa usiku huo wa kwanza, tafuteni laini safi, mtu wa simu na mtu wa daftari. Wawili hao wasitoke nyumba moja, na wa daftari ikiwezekana awe yule mjomba ambaye kila mkutano huuliza maswali mengi. Mpeni kalamu.