Safu ya Neno na Sheria: Faini ya Mkaguzi si Fidia ya Ami



Safari hii tumeanza na swali la nyumbani. Ami wa mwenzetu mmoja alikatwa vidole viwili na msumeno wa umeme katika karakana ya mbao hapa Maskati. Kinga ya msumeno ilikuwa imetolewa zamani ili kazi iende mbio. Mkaguzi alipokuja, akaandika kosa na tajiri akatozwa faini. Ami akauliza, "Sasa hii faini, wanangu, nnapewa mimi?"

Hapewi, faini ni ya serikali. Lakini chini ya swali lake pana swali kubwa zaidi: sheria ya usalama kazini ikivunjwa, je, aliyeumia anapata haki ya kumdai tajiri mahakamani, au kazi ya sheria hiyo inaishia kwenye faini?

Waingereza walilijibu mwaka 1898. Kijana aitwaye Groves alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Dowlais, Welisi, mali ya Lodi Wimborne. Sheria ya viwanda ya 1878 iliamuru magurudumu ya mashine yazungushiwe uzio. Hayakuzungushiwa, na Groves akapoteza mkono. Upande wa tajiri ulidai kwamba sheria imeshataja adhabu yake, yaani faini isiyozidi pauni 100, basi hakuna zaidi. Mahakama ya Rufaa ikakataa. Majaji walisema sheria ile ilitungwa kumlinda mfanyakazi, na hakuna uhakika kwamba hata senti moja ya faini itamfikia. Kwa hiyo haikukusudiwa kumnyima daawa yake. Groves akapata fidia ya pauni 150.

Njia hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia moja. Tangu Oktoba 2013, Bunge la Uingereza limeifunga kwa sehemu kubwa. Kuvunja kanuni za usalama peke yake hakutoshi tena. Mfanyakazi athibitishe uzembe. Kenya wamekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 16 cha sheria yao ya mafao ya majeraha kazini ya 2007 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri kwa ajali ya kazini. Anafuata malipo ya sheria hiyo tu. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikikubali kifungu hicho Desemba 2019.

Na Oman je? Hapa hatuulizi kama sheria ya usalama imezaa daawa mpya, kwa sababu mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Miamala ya Kiraia, Amri ya Sultani namba 29 ya 2013, kinasema kila anayemdhuru mwenziwe analazimika kumlipa fidia. Kisha kinagawa madhara mafungu mawili, na maneno yake sisi Waswahili tunayo tayari. La kwanza ni mubashara, lile lile la matangazo ya mpira: mtu ametenda moja kwa moja, basi atalipa hata kama hakufanya kosa. La pili ni kusababisha, na hapo lazima ithibitike kwamba alitaadi, yaani aliruka mpaka.

Tajiri wa ami hakumkata vidole kwa mkono wake. Alisababisha. Basi ami lazima aonyeshe taadi, na hapo ndipo kanuni za usalama zinapomfaa. Uamuzi wa Wizara namba 286 wa 2008 unamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi na hatari za mashine. Kanuni ndiyo mpaka, na karatasi ya mkaguzi ni ushahidi kwamba mpaka umerukwa. Faini haimfikii ami, lakini ile karatasi inamfaa.

Hata hivyo haimalizi kesi. Ami athibitishe pia kwamba kinga ingekuwepo, vidole vingesalimika. Lau angeangukiwa na ubao kutoka juu, kukosekana kwa kinga kusingekuwa na uhusiano na jeraha lake. Na tajiri anaweza kusema kwamba ami mwenyewe ndiye aliyeitoa. Maneno hayo yakithibitika, fidia inaweza kupungua au kupotea kabisa. Ndiyo maana tulimuuliza ami kwanza: nani aliifungua ile kinga, lini, na nani alikuwepo?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Niliifungua mimi. Msimamizi aliniamuru, na wenzangu wawili walisikia."

Basi daawa yake inawategemea hao wawili. Mmoja bado yupo karakana ile ile, na anaogopa kazi yake. Mwenzetu anakwenda kuzungumza naye Ijumaa.