Pesa Imekwenda Kwingine? Usitumie Sentensi Moja kwa Kila Mtu

Tuseme uko soko la mifugo la Isiolo. Umenunua mbuzi kwa mzee kutoka Garbatulla, unamtumia shilingi 8,500, kumbe umekosea tarakimu moja. Pesa iko kwa mtu usiyemjua. Wengi wetu hapo huandika "Nimetuma pesa kimakosa, rudisha haraka" na kumpelekea kila mtu. Sisi tunaona hapo ndipo kosa la pili linapoanza.

Kwanza, yule usiyemjua. Sentensi hiyo ndiyo ile ile ya matapeli: wanatuma ujumbe bandia wa pesa, halafu wanakupigia wakilia uwarudishie. Kwa hiyo mtu mwangalifu atakunyamazia, na ana haki. Ukimtisha na polisi, ndiyo kabisa. Mwandikie kitu anachoweza kuhakikisha mwenyewe: "Samahani, shilingi 8,500 zimeingia kwako kimakosa. Tafadhali angalia salio lako. Usinitumie chochote, nimeomba kampuni izirudishe, naomba tu usizitoe." Haumwombi akuamini wala atume pesa, na hofu yake inapungua.

Pili, kampuni. Huku maelezo marefu na kubembeleza hakusaidii. Anayeshughulikia ombi anahitaji kodi ya muamala, kiasi na nambari iliyopokea, na vyote viko kwenye ujumbe wa uthibitisho. Kwa M-Pesa, utume ujumbe huo kama ulivyo kwa 456. Usiufupishe wala kuuandika upya, maana ukikosea herufi moja ya kodi, utakuwa unaulizia muamala mwingine. Na fanya hivi kwanza, kabla hujamwandikia yeyote. Pesa ikishatolewa, kuirudisha kunakuwa kugumu.

Tatu, mzee mwenye mbuzi. Huyu hana haja na kodi. Anataka kujua kama auze mbuzi kwa mwingine. Ukimwambia "Mtandao unasumbua", umemdanganya, na kesho hatakukopesha hata kamba. Mwambie: "Mzee wangu, nilikosea nambari, pesa haijakufikia. Deni ni langu. Ukipata mnunuzi mwingine kabla sijakulipa, muuzie." Hii inamwachia uamuzi, ambao ni wake.

Angalia: tukio ni moja, ila ya kwanza inaondoa shaka, ya pili inatambulisha muamala, ya tatu inalinda uaminifu. Ukizibadilishana, hazifanyi kazi. Ukimpelekea usiyemjua ujumbe wenye kodi bila maelezo, atadhani ni utapeli. Ukiiambia kampuni "deni ni langu", hakuna wa kulitafuta.

Kabla ya kubonyeza kutuma, jiulize: huyu anayesoma anahitaji kuamua nini? Na jina likitokea kwenye simu kabla hujathibitisha, lisome. Hapo hutahitaji hata moja kati ya hizo sentensi tatu.