Mistari mitatu inayoonyesha internet imekwama wapi

Mara nyingi alama ya wifi inawaka kwenye ordinatere, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Alama ile inasema tu kwamba ordinatere imefika kwenye modemu. Ili tujue njia imekatika wapi, tubonyeze kitufe cha Windows, tuandike cmd, tubonyeze Entrée, kisha tuandike:

```
ipconfig /all
```

Maandishi mengi yatatokea. Tutafute sehemu yenye jina « Carte réseau sans fil Wi-Fi », na ndani yake tusome mistari mitatu tu. Katika ofisi ya kikundi kimoja ilikuwa hivi:

```
Adresse IPv4 . . . . . : 192.168.1.24
Passerelle par défaut  : 192.168.1.1
Serveurs DNS . . . . . : 192.168.0.1
```

Mstari wa kwanza ni anwani ambayo modemu imeipa ordinatere. Kama ingeanza na 169.254, maana yake modemu haikutoa anwani, na ordinatere imejipa yenyewe. Hapo tunazima modemu, tunangoja kidogo, tunaiwasha, kisha tunaandika ipconfig /renew.

Mstari wa pili ni mlango wa kutokea, yaani modemu yenyewe. Ukiwa mtupu, ordinatere haijui pa kupitia. Katika modemu za nyumbani, namba tatu za mwanzo za mlango hufanana na zile za anwani. Hapa zinafanana: 192.168.1.

Mstari wa tatu ni mashine inayogeuza jina la ukurasa kuwa namba. Tazameni vizuri: 192.168.0.1 si modemu hii. Ilikuwa namba ya modemu ya zamani, ambayo fundi aliiandika kwa mkono, na modemu ilipobadilishwa namba ikabaki.

Kabla ya kugusa kitu, walihakikisha kwa kuandika:

```
ping 8.8.8.8
```

Hiyo ni mashine ya Google iliyo mbali. Ilijibu, kwa hiyo njia ya nje ilikuwa wazi. Kisha wakaandika ping google.com, na ordinatere ikasema haipati jina hilo. Namba inajibu, jina halipatikani: shida iko kwenye DNS. Katika mipangilio ya wifi walirudisha DNS kwenye « Automatique (DHCP) », na kurasa zikafunguka.

Lakini ipconfig haioni kinachotokea ng'ambo ya modemu. Mistari yote mitatu ikiwa mizuri na 8.8.8.8 haijibu, tusiendelee kubadilisha namba. Tuangalie kwanza kama mega zimeisha, kisha tuite kampuni ya internet, tukiwa tumeandika mistari hiyo mitatu kwenye karatasi.