Hatari Iandikwe Kabla Vifaranga Havijanunuliwa

Mathalani, wake kumi wa askari wanaoishi katika kota moja wamekusudia kufuga kuku 200 wa mayai, na wanaomba mkopo katika chama cha akiba. Katika ombi lao wameandika hatari nne: ugonjwa, bei ya chakula, moto na uhamisho. Mbele ya kila moja wameandika neno “ndogo”. Mweka hazina wa chama anawauliza swali moja tu: “Ni nani kati yenu amewahi kupoteza kuku kwa kideri?” Mikono sita inainuliwa.

Hapo ndipo jedwali la hatari lina kazi. Kila hatari hupewa alama mbili. Ya kwanza ni ya uwezekano: 1 ikiwa ni nadra, 2 ikiwa hutokea mara kwa mara, 3 ikiwa yatarajiwa. Ya pili ni ya madhara: 1 ikiwa ni hasara ya kuvumilika, 2 ikiwa kazi itasimama kwa muda, 3 ikiwa mradi utakufa au mtu ataumia. Alama hizo huzidishwa. Uwezekano haukisiwi kwa matumaini, bali hupatikana kwa kuhesabu yaliyokwisha kutokea mahali pale pale. Wanawake sita kati ya kumi wamekwisha kuuona ugonjwa ule. Basi kuuita mdogo ni kumdanganya mkopeshaji, na kujidanganya zaidi.

Jedwali lao jipya likawa hivi:

Kideri: 3 × 3 = 9
Bei ya chakula kupanda: 3 × 2 = 6
Mtunza daftari kuhama: 3 × 2 = 6
Moto wa jiko la vifaranga: 1 × 3 = 3
Mayai kuibwa: 3 × 1 = 3

Uhamisho ndio uliozua ubishi. Walikuwa wameupa alama ndogo kwa sababu “askari kuhamishwa ni jambo la kawaida”. Lakini jambo la kawaida ndilo lenye uwezekano mkubwa. Kulizoea si kulipunguza.

Yafaa pia kutazama mistari miwili ya mwisho. Moto na wizi wa mayai vina alama 3 kila kimoja, ila havilingani hata kidogo. Wizi hupunguza faida. Moto wa makaa karibu na nyumba waweza kuchukua mtoto. Kuzidisha husaidia kupanga mambo kwa zamu, lakini hakupimi uzito wake wote. Kwa hiyo hatari yoyote yenye madhara 3 hapana budi iwe na mpango wake, hata ikiwa ni nadra.

Mpango hujibu maswali manne: nini kifanywe mapema, nani akifanye, dalili gani itaonya, na nini kifanywe dalili ikionekana. “Tutakuwa waangalifu” si mpango. Kwa kideri, mama mmoja atajwe kwa jina kuwa msimamizi wa chanjo, na tarehe za kuirudia ziandikwe ukutani kama alivyoagiza bwana mifugo. Dalili ni kuku kuzubaa, kuhema kwa shida, kuharisha kijani au kupinda shingo. Akionekana mmoja, atengwe, mtu wa nje asiingie bandani, na bwana mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Ndiyo maana fedha yake hutengwa kabla ya vifaranga kufika.

Kwa chakula, hesabu yenyewe ilibadili mradi. Kuku mkubwa wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 200 hula kilo 24. Naye hulishwa karibu miezi mitano kabla ya kutaga, bila kurudisha hata senti. Kikundi kikaamua kuanza na kuku 100, na fedha ya chakula cha miezi hiyo itengwe kwanza. Kwa daftari, wawili wataliandika kila juma pamoja, ili mmoja akihama, mwenzake asianze upya. Kwa moto, jiko litazungushiwa wavu, maranda yawekwe mbali nalo, ndoo ya mchanga iwe mlangoni, na zamu ya usiku iwe ya mtu mzima.

Mwisho, kila hatari ilipewa alama mara ya pili, baada ya mpango. Kideri kilishuka kutoka 9 hadi 3: uwezekano ulipungua ukawa 1, lakini madhara yalibaki 3, kwani ugonjwa ukipenya bado utaua. Bei ya chakula ilibaki na uwezekano wa 3, kwa kuwa hakuna kikundi kinachoamuru soko. Kilichopungua ni madhara. Alama zikishuka zote hadi 1, mweka hazina ana haki ya kushuku.

Jedwali hilo hubandikwa bandani, nalo husomwa upya kila mwezi, na kila mara amri ya uhamisho inapofika kotani.